Dola ya benki na dola ya chini ya mwembe: Tanzania, 1979 hadi 1993

Wadau, huu uzi ni mrefu, kwa hivyo shikeni chai kwanza.

Juzi tulikuwa tunabishana hapa kuhusu shilingi, na jamaa mmoja akaandika kitu kilichopendwa na watu wengi sana. Alisema serikali yoyote iliyo serious, samahani, yoyote inayojielewa, ingetangaza tu kwamba dola ni shilingi 100, kisha ikamate kila mtu anayeuza zaidi ya hapo. Walanguzi wawekwe ndani, bei ishuke, tuendelee na maisha. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hiyo sera imewahi kufanywa hapa jirani, neno kwa neno. Waliweka bei, wakakamata watu, wakawafungulia mashtaka ya uhujumu uchumi. Nasoma sayansi ya siasa na hii ndiyo kesi ambayo nimeisoma kuliko nyingine zote, kwa sababu ambayo mtaiona mbele kidogo.

Sitataja jina la kiongozi yeyote wala chama, mnajua sheria za ukurasa huu. Majina hayahitajiki, hesabu zinatosha.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana hapa ndipo watu hupotea. Serikali ikisema dola ni shilingi 17 wakati watu wako tayari kulipa 150, hiyo dola imewekwa bei ya chini mno, na shilingi imewekwa bei ya juu mno. Ni kitu kimoja kinachoangaliwa pande mbili. Mtu akikwambia "shilingi ilikuwa na nguvu miaka hiyo, dola ilikuwa 17 tu", muulize: ni nani aliyeipata hiyo dola ya 17?

Sasa historia. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kila moja kuchapisha shilingi yake, lakini zilianza zikiwa na thamani sawa, shilingi 7 na senti kidogo kwa dola. Kwa miaka kadhaa tofauti ilikuwa ndogo. Kisha Tanzania ikapigwa na mambo manne karibu kwa pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kwa hivyo nchi ikalazimika kujijengea upya vitu ambavyo zamani vilikuwa vya pamoja, ndege, reli na kadhalika. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana baada ya baridi kali kuua mibuni Brazili mwaka 1975, ikateremka. Oktoba 1978 vita na Uganda vikaanza, na gharama yake hukadiriwa kuwa kama dola milioni 500. Mwaka 1979 mafuta nayo yakapanda bei dunia nzima.

Kwa hivyo dola zilizokuwa zikiingia zilipungua na zilizohitajika ziliongezeka. Ukiwa Benki Kuu katika hali hiyo una njia mbili. Unaweza kuiacha dola ipande, watu wanunue kidogo kutoka nje na wauze zaidi. Au unaishikilia bei ileile na kugawa dola zilizopo kwa mgao: huyu apate, yule asipate. Tanzania ilichagua mgao. Tuwe waaminifu hapa, kulikuwa na sababu ya maana. Viongozi waliamini kwamba kupandisha dola ni kupandisha bei ya dawa, mafuta ya taa na vipuri, na kwamba mkulima wa kijijini ndiye angelipa. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikwama kwa miaka, na bei ya dola ilikuwa moja ya sababu kubwa za kukwama. Serikali ilikuwa ikiteremsha shilingi kidogo kidogo: 1979, 1982, 1983, 1984. Kila ikishuka hatua moja, soko la mtaani lilikuwa limeshaenda hatua tatu.

Kufikia 1985 dola ya benki ilikuwa shilingi 17 hivi. Dola ya mtaani ilikuwa ikicheza karibu na 150. Yaani karibu mara 9.

Hapa ndipo nyanya yangu anapoingia.

Nyanya mzaa mama aliuza sabuni na mafuta ya kupikia Taveta, upande wetu wa mpaka. Mpaka ulifungwa rasmi Februari 1977 na ukafunguliwa Novemba 1983, lakini ukimwuliza nyanya kuhusu kufungwa kwa mpaka anakuangalia kama mtu aliyeuliza kama mvua ilifungwa. Watu walipita kwa njia za mashambani usiku, na baada ya 1983 wakapita pia mchana. Kutoka upande wa pili zilikuja kahawa na maharage. Kutoka kwetu zilikwenda sabuni, dawa ya meno, mafuta, betri za tochi, vitu ambavyo maduka ya Tanzania yalikuwa hayana. Wenyeji waliita biashara hiyo kwa jina lililojulikana Afrika Mashariki nzima: magendo.

Nilimwuliza nyanya walikuwa wanabadilisha pesa vipi. Akaniambia kulikuwa na mzee mmoja chini ya mwembe, pembeni ya soko, aliyekuwa na mikoba miwili, mmoja wa pesa za Kenya, mwingine wa Tanzania. Nikamwuliza kiwango kilikuwa ngapi. "Mjukuu wangu, shilingi yetu moja ulikuwa unapata zao saba, nane, siku nyingine hata zaidi. Ikitegemea askari wako wapi."

Sasa shikeni hiyo namba. Mwaka 1985 dola moja nchini Kenya, kwa bei rasmi, ilikuwa shilingi 16 na kitu. Tanzania, kwa bei rasmi, 17. Maana yake kwa karatasi za benki, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zilikuwa karibu sawa kabisa. Nyanya hakuwahi kusoma gazeti la uchumi hata siku moja, lakini alijua kwamba ile ya benki ni hadithi. Ukigawanya 150 kwa 16 unapata 9 na kitu. Sisi nasi tulikuwa na udhibiti wetu wa fedha za kigeni wakati huo, kwa hivyo dola ya mtaani Nairobi ilikuwa juu kidogo ya 16, na hesabu inashuka hadi palepale pa nyanya. Mzee wa mwembe alikuwa na kiwango sahihi kuliko benki kuu mbili zikiwekwa pamoja.

Na ile sehemu ya askari ni muhimu, nitairudia.

Sasa swali la siasa, ambalo ndilo linanihusu mimi: hizo bei mbili zilimnufaisha nani, na zilimuumiza nani? Tufanye hesabu ya mtu wawili. Namba za kahawa nitazipanga ziwe rahisi, ila viwango vya dola ni vile nilivyotaja.

Mtu wa kwanza ni mkulima wa kahawa Kilimanjaro. Tuseme gunia lake la kilo 60 linauzwa ng'ambo kwa dola 150. Mkulima haruhusiwi kuuza mwenyewe, lazima apeleke kwenye mamlaka ya kahawa ya serikali. Mamlaka inauza nje, inapata dola, inazikabidhi Benki Kuu, na inapewa shilingi kwa bei rasmi. Dola 150 mara 17 ni shilingi 2,550. Kutoka hapo mamlaka inatoa gharama zake, usafiri, mishahara, hasara zake, na kinachobaki kinamfikia mkulima, mara nyingi kikiwa kimechelewa miezi. Lakini mkulima huyo akienda kununua sabuni haipati kwa bei ya dola ya 17. Duka la ushirika halina sabuni. Sabuni iliyopo ni ya magendo, na imewekewa bei kwa dola ya 150. Gunia lake, kwa kipimo hicho cha sabuni, lina thamani ya shilingi 22,500. Ameuza kwa bei moja na kununua kwa nyingine. Hiyo ni kodi, tena kodi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kupitishwa bungeni, na hakuna mbunge aliyeipigia kura.

Kwa hivyo mkulima anafanya nini? Akiwa karibu na mpaka, anapeleka gunia usiku kwa nyanya yangu. Akiwa mbali na mpaka, anaacha mibuni ikae na magugu, analima mahindi ya kula. Njia zote mbili zinapunguza dola zinazoingia benki, na dola zikipungua benki, bei ya mtaani inapanda tena. Ndiyo maana pengo hili halikai mahali pamoja. Linajila lenyewe na kuongezeka.

Mtu wa pili ni mwenye kibali. Tuseme amepata leseni ya kuagiza bidhaa za dola 10,000 kwa bei rasmi. Anaenda benki na shilingi 170,000, anapewa hizo dola, analeta bidhaa. Bidhaa zikifika, watu wako tayari kuzilipia kwa bei ya mtaani: dola 10,000 mara 150, shilingi milioni moja na laki tano. Hata ukitoa usafiri na ushuru, tofauti ya juu juu ni shilingi 1,330,000. Mshahara wa kima cha chini katikati ya miaka ya themanini ulikuwa shilingi 810 kwa mwezi. Piga hesabu. Ni mshahara wa miaka 136 na ushee, kwa sahihi moja ya ofisa kwenye karatasi moja.

Ukielewa hiyo sahihi, umeelewa siasa yote ya bei mbili. Mzee wa mwembe alikuwa anapata senti chache kwa kila badilisho na anaweza kufungwa. Utajiri wenyewe ulikuwa ofisini, kwenye foleni ya leseni, na haukuhitaji mtu kuvunja sheria yoyote mbali na kumjua anayeshika kalamu.

Na kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa safi zaidi. Mwagizaji ananunua mashine ya dola 7,000, lakini anamwomba muuzaji wa Ulaya amwandikie ankara ya dola 10,000. Benki Kuu inatoa 10,000 kwa bei ya 17. Dola 7,000 zinalipa mashine, 3,000 zinabaki kwenye akaunti London. Hizo 3,000 zimemgharimu shilingi 51,000. Akipata mtu Dar es Salaam anayetaka pesa Uingereza, labda kwa karo ya mtoto au matibabu, huyo mtu anampa shilingi 450,000 mkononi, naye anamhamishia dola kule kule London. Hakuna noti iliyovuka mpaka. Hakuna kitu cha kukamata kwenye begi uwanja wa ndege. Wauzaji bidhaa nje walifanya hivyo hivyo kinyume, wanaandika ankara ndogo kuliko bei ya kweli na kuacha tofauti nje.

Wakati watu walikuwa wanafikiria ulanguzi ni vijana wa kona wanaonong'ona "dola, dola", sehemu kubwa ya soko hilo ilipita kwenye makaratasi yenye mihuri halali.

Haya, sasa turudi kwa jamaa yetu na "wakamatwe wote".

Machi 1983 serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa. Sheria maalumu ilipitishwa mwaka huo huo, na ilifanya kazi kwa kurudi nyuma ili iwafunike waliokuwa tayari wamewekwa ndani. Kesi zilikwenda kwa baraza maalumu, si mahakama za kawaida. Hakukuwa na dhamana wala wakili. Nyumba zilipekuliwa, maghala yakafunguliwa, watu wakatupa bidhaa usiku ili zisikutwe kwao.

Na mwanzoni watu walishangilia, tusijidanganye. Ukiwa umepanga foleni ya sukari miezi sita, halafu redio inasema sukari imekutwa imefichwa kwa tajiri fulani, unashangilia. Mimi pia ningeshangilia. Kulikuwa na watu waliokuwa wameficha bidhaa kweli.

Lakini fikirieni kama mzee wa mwembe. Jana, hatari yako ilikuwa kupigwa makofi na kunyang'anywa mkoba. Leo hatari yako ni jela bila wakili. Utaacha? Wengine wataacha. Wale watakaobaki watataka malipo ya hiyo hatari. Watanunua dola kwa bei ileile na kuuza kwa bei ya juu zaidi, au watauza tu kwa wanaowajua. Dola hazijaongezeka hata moja, wanaozitafuta hawajapungua, ila wauzaji wamepungua na wameogopa. Ndiyo maana nyanya alisema kiwango kilitegemea askari wako wapi. Msako ni gharama, na gharama inaingia kwenye bei.

Nyanya anasema 1983 ulikuwa mwaka mbaya kwake na mbaya zaidi kwa wateja wake. Wanawake waliozoea kuja na maharage hawakuja kwa wiki kadhaa. Waliporudi, sabuni mche mmoja walikuwa wanauchukua kwa maharage mengi kuliko zamani, na hawakulalamika, walifurahi kuipata. Kwenye maduka ya mjini upande wao hali ilikuwa hiyo hiyo. Msako ulipopita, bidhaa zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kuumiza hazikuuzwa kwa bei nzuri. Zilitoweka.

Sheria ile ya 1983 haikumaliza hata miaka miwili, mwaka 1984 ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha mambo kwenye mkondo wa mahakama. Lakini kilichonishangaza mimi zaidi ni kilichofanyika kwenye bajeti ya Juni 1984. Serikali ileile, mwaka mmoja tu baada ya msako, ilisema hivi: mtu yeyote mwenye fedha zake za kigeni nje anaweza kuagiza bidhaa kwa hizo fedha, na hatutauliza alizipata wapi.

Someni tena. Hatutauliza alizipata wapi.

Hizo fedha zilitoka wapi? Zile dola 3,000 za ankara ya uongo, ndizo hizo. Kahawa ya usiku, dhahabu na vito vilivyopita mpakani, tofauti za makaratasi za miaka kumi. Serikali ilijua, na mwagizaji alijua kwamba serikali inajua. Zikaanza kurudi nyumbani kama mabasi, vitenge, sabuni, redio na vipuri. Kwa miaka iliyofuata, bidhaa zilizoingia kwa mtindo huo zilikuwa kama theluthi moja ya zote zilizoagizwa nchini. Na ziliuzwa kwa bei ya dola ya mtaani, waziwazi, dukani, mchana.

Kuna kitu cha kuudhi hapo, nakubali. Mama aliyefungwa 1983 kwa katoni za sabuni alifungwa kwa kosa ambalo 1984 liligeuzwa kuwa utaratibu wa kuagiza bidhaa. Nimewahi kumwuliza mhadhiri mmoja kama hiyo ilikuwa haki, akanijibu kwamba nimeuliza swali la darasa lingine.

Lakini ule mlango ulifanya kazi moja kubwa ya kisiasa. Hoja kuu ya kutopandisha dola ilikuwa kwamba bei madukani zitalipuka. Kufikia 1986 watu walikuwa wameshanunua kwa dola ya 150 kwa miaka miwili, dukani. Basi, Juni 1986 serikali ilipoipeleka dola kutoka 17 hadi 40 kwa mpigo, na mwaka huo ukaisha ikiwa karibu 51, wengi walisubiri maafa. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 30 na kitu kabla, na ulikaa karibu na 30 miaka iliyofuata. Ulikuwa mbaya, lakini haukulipuka. Bei za sokoni hazikuwa zinaisikiliza dola ya 17 tangu zamani. Zilikuwa zinamsikiliza mzee wa mwembe.

Walioumia walikuwepo, na upande wa "acheni soko liamue" hupenda kuwaruka. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakinunua mashine kwa dola ya 17 yalijikuta na madeni ambayo hayalipiki, na mengine yalikufa na kazi za watu. Hospitali zilizokuwa zikipata dawa kwa mgao rasmi zilikuwa zinazipata kwa bei nafuu kwelikweli, hizo zilipoteza. Mfanyakazi wa serikali mjini, aliyekuwa na mshahara na kadi ya duka la ushirika, alipoteza kile kidogo alichokuwa akikipata kwa bei rasmi. Mkulima alianza kupata afueni, ila polepole, maana mamlaka za mazao ziliendelea kumkata kwa miaka.

Na pengo halikuzibwa siku moja. Shilingi iliteremshwa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka: karibu 125 kwa dola mwisho wa 1988, karibu 190 mwisho wa 1989. Mtaani nako bei ilikuwa ikipanda, ila taratibu kuliko ya benki, kwa hivyo zilikaribiana. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ilipita na maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa, yenye leseni, yenye ubao wa bei nje. Mwaka 1993 bei rasmi na bei ya maduka hayo ziliunganishwa. Dola ilikuwa imevuka 400 wakati huo. Mtu akikwambia shilingi "ilianguka kutoka 17 hadi 400", mkumbushe kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo, ile hadi 150, ilikuwa imeshafanyika kabla hata ya serikali kuanza kuihesabu.

Sasa nyinyi wa Kenya mnaojiona wajanja. Sisi pia tulikuwa na udhibiti hadi miaka ya tisini. Waulizeni wazazi wenu waliosafiri miaka ya themanini, ukitaka dola za safari uliomba, na ulipewa kiasi walichoona kinakutosha. Pengo letu lilikuwa dogo kuliko la Tanzania kwa sababu shilingi yetu iliachwa ishuke mapema zaidi. Lakini njaa ya dola ndiyo iliyofanya watu wakubali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kumlipa mtu nyongeza ya asilimia 35 kwa kuleta dola za dhahabu na almasi ambazo nchi karibu haina kabisa. Goldenberg mnaijua, sitaendelea, hiyo ina uzi wake.

Na karibu zaidi: mwanzoni mwa 2023, kiwango kilichochapishwa na Benki Kuu kilikuwa kimoja, na mwenye kiwanda akipiga simu benki anaambiwa kingine, cha juu, na bado anapewa kidogo na kuambiwa arudi wiki ijayo. Hakukuwa na mzee wa mwembe. Lakini dalili zilikuwa zile zile za Dar ya 1980, ila kwa udogo: bei mbili, foleni, na watu wenye dola kuzikalia wakisubiri. Ilipofika Januari 2024 dola ikagusa karibu 160, kisha ndani ya miezi michache ikarudi chini ya 135. Mimi sina uhakika tungefika wapi kama wakati ule tungepata mtu wa kutangaza kwamba dola ni 100 na mwisho wa maneno. Ila najua ni nani angepewa za 100.

Kwa wale watakaouliza, na najua mtauliza: mzee wa mwembe hakukamatwa. Nyanya anasema maduka ya kubadilisha pesa yalipofunguliwa upande wa pili, alikuja na mikoba yake miwili kwa wiki chache, akakaa, wateja wakapungua. Tofauti kati ya kununua na kuuza ilikuwa imebaki senti. Akauza mkoba mmoja, akaanza kuuza mitumba mahali palepale, na akaendelea kumdai nyanya shilingi 40 za mwaka 1984, ambazo kila mara walikuwa wanabishana zilipwe kwa kiwango gani.